Fremu Kuu Haikuchaguliwa kwa Sababu ni Muhimu

Wasee, kuna jibu moja ambalo tunapeana kila siku na halijakaa vizuri. Mtu ana video ya masaa matatu, hana nguvu ya kuiangalia yote, anataka muhtasari. Anauliza afanyeje. Mwenye kujua kidogo anamjibu: "Toa fremu kuu na ffmpeg, hizo ndizo sehemu muhimu."

Nusu ya jibu ni kweli. Ffmpeg inaweza kuzitoa, tena haraka. Lakini hilo neno "muhimu" limeingia hapo bila ruhusa. Fremu kuu ni muhimu kwa mashine, na kama haujui historia yake utadhani imechagua kwa niaba yako. Ndio maana leo nataka turudi nyuma kidogo kabla ya kuandika amri yoyote.

Jina lenyewe lilianza kwa wachoraji wa katuni. Zamani za katuni za mkono, studio kubwa kama ya Disney katika miaka ya 1930 ziligawa kazi. Mchoraji mkuu alichora pozi zinazobeba tendo: mguu umeinuliwa, mguu umetua. Wasaidizi wake walichora yote yaliyo katikati. Hapo mchoro mkuu ulichaguliwa na binadamu aliyejua hadithi inaenda wapi. Akiamua kwamba kope kushuka ndiyo habari, basi kope inapata mchoro wake.

Halafu ikaja video ya dijitali na shida yake ya uzito. Piga hesabu ya simu yako. Picha moja ya 1920 kwa 1080, kila nukta ikichukua baiti 3, ni megabaiti 6 na kitu. Kwa sekunde moja zinapita picha 30, kwa hivyo unazidi megabaiti 180 kila sekunde. Hakuna kadi ya simu ya kubeba soko zima hivyo. Mwaka 1988 kikundi cha wataalamu kilichoitwa MPEG kilianza kazi ya kutafuta namna moja ya kubana, na kiwango chao cha kwanza, MPEG-1, kikachapishwa 1993.

Ujanja wao ni rahisi kuuelewa. Picha nyingi zinafanana na iliyotangulia, kwa hivyo usiandike picha nzima kila mara. Andika moja kamili, kisha kwa zinazofuata andika tofauti tu: kile kilichosogea na kile kilichobadilika. Ile kamili inaitwa fremu ya I. Zinazoegemea ya nyuma ni za P, na zinazoegemea nyuma na mbele ni za B. Fremu ya I ndiyo tunayoiita fremu kuu siku hizi.

Kama ulikulia kwenye nyumba yenye deki ya VCD, umeiona fremu ya I ikifanya kazi bila kujua. VCD ilikuwa MPEG-1 ndani ya diski iliyobeba kama dakika 74, ndio maana sinema moja ilikuja na diski mbili na mtu alitumwa kubadilisha katikati. Diski ikiwa na mikwaruzo, sura ya mwigizaji ilivunjika ikawa vipande vya mraba, vikavutana vutana, halafu ghafla picha ikarudi safi. Kule kurudi safi ni fremu ya I imefika. Makosa yalikuwa yanarithishwa kutoka tofauti moja hadi nyingine, mpaka picha kamili ikaja kufuta deni.

Basi angalia kazi mbili za fremu kuu: inakata mnyororo wa makosa, na inampa mtazamaji mahali pa kuingilia. Ukiruka mbele kwenye video, kichezeshi kinatafuta fremu kuu iliyo karibu kianzie hapo. Televisheni ya dijitali ni vilevile. Ukibadilisha chaneli na skrini ikakaa nyeusi kidogo, sehemu ya hiyo subira ni kungoja fremu kuu. Hakuna mahali kwenye kazi hizo pameandikwa "tafuta tukio muhimu." Jina lilitoka kwa mchoraji likaenda kwa mashine ya kubana, lakini ule uamuzi wa mchoraji haukuhama nalo.

Mwaka 2000 Mfaransa Fabrice Bellard alianzisha ffmpeg, programu ya bure inayofungua karibu kila aina ya video, na hadi leo unaiandikia amri bila kubonyeza vitufe. Sasa tuipeleke nyumbani tuone.

Lubao iko kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, na soko lake linajulikana sana kwa biashara ya mbwa, pamoja na kuku na mifugo. Tuseme simu imefungwa juu ya mti mmoja upande wa mbwa, haisogei, na imerekodi masaa matatu ya siku ya soko. Faili inaitwa `soko.mp4`. Masaa matatu ni sekunde 10,800, na kwa picha 30 kila sekunde hizo ni fremu 324,000. Tunataka picha chini ya 100 ambazo mtu anaweza kuzipitia akinywa chai, aandike muhtasari wa soko lilivyokwenda.

Kwanza uliza faili yenyewe fremu kuu ziko wapi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -skip_frame nokey \
 -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 soko.mp4 | head -20
```

Utapata orodha ya sekunde. Kwa video iliyotoka moja kwa moja kwenye simu, mara nyingi utaona kama 0, 1, 2, 3, 4. Yaani simu inaweka fremu kuu kila sekunde moja hivi, iwe soko limejaa au limelala. Ukizitoa zote una picha kama 10,800. Huo si muhtasari, ni saa ya ukutani inayopiga picha.

Video iliyohaririwa ni tofauti kidogo. Kodeki ya `libx264` isipoelekezwa vingine huweka fremu kuu angalau kila fremu 250, na huongeza nyingine pale picha inapobadilika ghafla, kwa sababu tofauti ikiwa kubwa sana ni rahisi kuandika picha mpya nzima. Kwa hivyo kwenye video ya muziki yenye mikato mingi, fremu kuu nyingi huangukia mwanzo wa shoti. Hapo ndipo watu walipopata imani kwamba fremu kuu zinajua mambo. Zinajua mkato, lakini kwa sababu ya gharama. Kwenye simu iliyofungwa mtini hakuna mkato hata mmoja.

Basi watu wanahamia kwa silaha ya pili, alama ya mandhari, ambayo ffmpeg inaiita `scene`:

```
ffmpeg -i soko.mp4 -vf "select='gt(scene,0.3)'" \
 -fps_mode vfr eneo_%04d.jpg
```

(Kama ffmpeg yako ni ya zamani, andika `-vsync vfr` badala ya `-fps_mode vfr`.) Alama inaenda kutoka 0 hadi 1, na 0.3 ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa sinema. Kwa soko letu unaweza kusubiri muda mrefu na usipate picha hata moja, au upate chache za kitu kilichopita karibu na lenzi, kama mtu aliyeinua mwavuli mbele ya simu.

Sababu iko kwenye hesabu yenyewe. Ffmpeg inalinganisha fremu na ile iliyo mbele yake tu, ambayo ni sehemu moja ya 30 ya sekunde nyuma. Inapima nukta zimebadilika kiasi gani, halafu inapima pia badiliko hilo limetofautianaje na badiliko la mara iliyopita, kisha inachukua namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwa hivyo umati unaochemka sawasawa kutwa nzima unapata alama ya chini, kwa sababu kelele yake haijaruka. Na soko likiisha polepole kwa nusu saa, mtu mmoja mmoja akiondoka na kamba yake, hakuna fremu mbili zinazofuatana zinazotofautiana vya kutosha. Alama ya mandhari inasikia mlango ukibamizwa. Mlango ukifunguka taratibu, haisikii.

Kuna kichujio cha tatu, `thumbnail`, ambacho kinakusanya fundi la fremu, kinatazama mgawanyo wa rangi zake, na kutoa ile iliyo karibu zaidi na wastani wa fungu. Ni kizuri ukitaka picha isiyo na ukungu wala giza la ghafla. Lakini kumbuka kinapenda wastani. Kama ndani ya fungu la dakika moja kulitokea kitu cha ajabu cha sekunde mbili, hicho ndicho kitu cha kwanza kutupwa.

Sasa hapa ndipo nina msimamo. Hivi vichujio ni kama mashahidi wa kijijini. Mmoja anakumbuka saa tu, wa pili anakumbuka vurugu tu, wa tatu anakumbuka siku za kawaida tu. Hauwezi kuandika historia ya soko kwa kumsikiza mmoja. Inabidi uwaweke wawili pamoja, na ujue kila mmoja anapenda nini.

Kwa Lubao ningeanza kwa kupunguza. Chukua fremu kuu tu, na kati ya hizo moja kila sekunde 10. Ukisoma fremu kuu peke yake, ffmpeg haihangaiki kufungua zile za tofauti, kwa hivyo hata kompyuta nzee inamaliza mapema. Pia alama sasa inalinganisha picha zilizoachana kwa sekunde 10, muda ambao mbwa anaweza kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Usikisie kipimo. Chapa alama zote kwanza:

```
ffmpeg -skip_frame nokey -i soko.mp4 -an -vf \
"select='isnan(prev_selected_t)+gte(t-prev_selected_t,10)',\
select='gte(scene,0)',metadata=print:file=alama.txt" -f null -
```

Faili `alama.txt` itakuwa na alama kama 1,080. Sasa zipange kutoka kubwa kwenda ndogo na uangalie ya 40:

```
grep -o 'scene_score=.*' alama.txt | sort -t= -k2 -rn | sed -n 40p
```

Namba itakayotoka ndiyo kipimo cha video hii, siku hii, na mwanga huu. Tuseme imetoka 0.06. Angalia ilivyo mbali na ile 0.3 ya kunakili. Siku nyingine yenye mawingu itakuwa namba nyingine, kwa hivyo usiibebe kama dawa ya kila ugonjwa.

Hatua ya mwisho inawaweka mashahidi wawili pamoja. Chukua picha alama ikizidi 0.06, na hata kama hakuna kilichoruka, usikae zaidi ya dakika 3 bila picha:

```
ffmpeg -skip_frame nokey -i soko.mp4 -an -vf \
"select='isnan(prev_selected_t)+gte(t-prev_selected_t,10)',\
select='isnan(prev_selected_t)+gte(t-prev_selected_t,180)+gt(scene,0.06)',\
metadata=print:file=saa.txt,scale=640:-2" \
-fps_mode vfr -q:v 3 pic_%04d.jpg
```

Saa peke yake inaleta kama picha 60, alama inaongeza zisizofika 40, kwa hivyo unabaki kati ya 60 na 100. Ile sheria ya dakika 3 ndiyo inayokamata soko likijaa na likiisha polepole. Ile ya alama inakamata mvua ikianguka na watu kukimbilia mabati. Faili `saa.txt` inakuambia kila picha ilitoka sekunde ya ngapi. Usiipoteze, kwa sababu picha isiyo na saa haiwezi kurudishwa kwenye video kuulizwa maswali.

Kuna watu hupunguza kwa `fps=1/10` badala ya hiyo `select` ndefu. Ni fupi, na picha zinatoka. Shida ni kwamba `fps` inazipa fremu muda mpya uliosawazishwa, na picha iliyoandikwa sekunde ya 600 inaweza kuwa imetoka sekunde kadhaa mbele au nyuma. Kwa video ya kuburudisha haina neno. Kwa rekodi ambayo mtu anaweza kuja kuulizia, muda wa kweli ni nusu ya thamani yake.

Zipange sasa kwenye karatasi za picha 30 uzione kwa pamoja:

```
ffmpeg -i pic_%04d.jpg -vf "scale=320:-2,tile=6x5" karatasi_%02d.jpg
```

Hapo una karatasi tatu au nne. Utaona kivuli cha mti kikihama, wauzaji wa kwanza, uwanja ukijaa, mvua, na uwanja ukibaki na matope. Muhtasari unaandikika.

Lakini tulia kabla haujabonyeza kuchapisha. Picha 90 kwa kasi ya picha 30 kila sekunde ni sekunde 3 za video. Umeona sekunde 3 kati ya 10,800. Na kitu kinachofanya soko liitwe soko, yaani kupatana bei, hakimo kabisa. Wazee wawili wanasimama, mmoja anataja bei, mwenzake anacheka anageuka kuondoka, anaitwa arudi. Kwa nukta za picha hao ni watu wawili wamesimama. Pesa ikipita mkononi ni badiliko dogo kuliko mkia wa mbwa. Alama haitalisikia, saa italikamata kwa bahati tu, na sauti tumeitupa kwa ile `-an`.

Hii si falsafa ya kukaa tu. Fikiria kijana amenunua mbwa hapo, amefika nyumbani mbwa ni mgonjwa, amerudi kulalamika. Muuzaji anasema hajawahi kumuona. Mtu anatoa ule muhtasari wa picha 90 na kusema, "Cheki, huyu jamaa hayuko popote." Kama wote wanaamini kwamba fremu kuu ndizo sehemu muhimu, kijana ameshashindwa kesi. Kumbe kitu pekee ambacho zile picha zinathibitisha ni kwamba kwenye nukta 90 za wakati kamera haikumnasa. Jibu liko kwenye `soko.mp4` nzima, na ndio maana faili ya asili haifutwi eti kwa sababu muhtasari uko tayari.

Kuna namna ya kujua muhtasari wako umekosa kiasi gani. Chagua dakika tano za ovyo ndani ya yale masaa matatu, mbali na zile picha zilizochaguliwa. Zitazame dakika tano nzima, na sauti, huku ukiandika kila kitu ambacho mtu wa Lubao angekisimulia jioni. Halafu linganisha na karatasi zako. Ukiona matukio mawili makubwa hayamo, shusha kipimo, punguza dakika 3 ziwe 1, au kubali kwamba aina hiyo ya tukio haionekani kwa njia hii na useme hivyo. Dakika tano ni bei ndogo kwa kukwepa masaa matatu.

Na hilo la kusema ndilo ninalolipigania. Mchoraji wa katuni alipochagua mchoro mkuu, ungeweza kubishana naye. Sisi tunajificha nyuma ya amri na kusema mashine imechagua. Hapana. Wewe ndiye uliyeweka 10, ukaweka 180, ukaweka 0.06, na ukatupa sauti. Ukipandisha muhtasari wa siku ya soko, weka mstari mmoja chini yake: picha ngapi kati ya masaa mangapi, zimechaguliwa kwa kipimo gani, sauti imetumika au la, na video nzima iko kwa nani. Anayetaka kubisha atajua aanzie sekunde ya ngapi.